Shilingi Ikishuka, Belo la Mitumba Linapanda kwa Njia Gani? Maswali ya Wanakikundi na Majibu Yake

Maswali yafuatayo yaliulizwa na wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa katika kijiji kimoja cha mkoa wa Lindi, baada ya mazungumzo kuhusu sababu za bidhaa kutoka nje kupanda bei thamani ya shilingi inaposhuka. Wanachama wengi wa kikundi hicho hulima korosho na ufuta, na baadhi yao, hasa akina mama, huchukua mkopo kununua belo la mitumba na kuliuza guliogulio. Kwa sababu hiyo hesabu nyingi katika majibu haya ni za belo moja. Bei ya belo na gharama zake ni za mfano, zimechaguliwa ili hesabu iwe nyepesi. Viwango vya dola vinakaribiana na vile ambavyo Tanzania imevishuhudia tangu mwaka 2023.

Tunasikia redioni kwamba shilingi imeshuka. Maana yake ni nini hasa?

Maana yake ni kwamba zinahitajika shilingi nyingi zaidi kununua dola moja ya Marekani. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilinunuliwa kwa shilingi 2,330 hivi, na kufikia robo ya tatu ya mwaka 2024 ilikuwa imepita shilingi 2,700. Noti ya shilingi elfu kumi haikubadilika sura wala rangi, na katika kununua muhogo wa jirani ilifanya kazi ileile iliyokuwa ikifanya. Kilichopungua ni kiasi cha dola ambacho noti hiyo ingeweza kununua.

Msikilizaji asichanganywe na jinsi wanavyosema watangazaji. "Dola imepanda" na "shilingi imeshuka" ni habari moja. Namba inapokuwa kubwa, kutoka 2,400 kwenda 2,700, shilingi imedhoofika. Inaporudi kuwa ndogo, shilingi imeimarika.

Kwa nini inashuka? Ni nani anayeishusha?

Dola huuzwa na kununuliwa kama kitu kingine chochote, na bei yake hutokana na wingi wa wanaoitaka ukilinganishwa na wingi wa iliyopo. Tanzania hupata dola kwa kuuza dhahabu, kwa watalii wanaokwenda Zanzibar na mbugani, na kwa mazao kama korosho, kahawa na tumbaku. Hutumia dola kununua mafuta, ngano, mbolea, mashine, dawa, nguo na vingine vingi. Wanunuzi wa dola wanapokuwa wengi kuliko wauzaji, bei ya dola hupanda.

Katika miaka ya 2022 hadi 2024 mambo mawili makubwa yalikutana. Vita vya Ukraine, vilivyopamba moto Februari 2022, vilipandisha bei ya mafuta na mbolea duniani, kwa hiyo mizigo ileile ilihitaji dola nyingi zaidi. Wakati huohuo benki kuu ya Marekani ilikuwa ikipandisha riba yake, kutoka karibu na sifuri mwezi Machi 2022 hadi zaidi ya asilimia 5 katikati ya 2023, na wenye fedha duniani wakaona afadhali wazipeleke huko zikapate riba. Dola zikawa adimu katika nchi nyingi za Afrika kwa wakati mmoja. Majirani zetu wa Kenya waliona dola ikivuka shilingi 160 za kwao mwezi Januari 2024, kisha ikarudi hadi karibu 130 katika miezi michache iliyofuata.

Kwetu yapo pia majira. Katika miezi ya mwisho wa mwaka, korosho inapokuwa mnadani, wanunuzi kutoka nje huleta dola ili wapate shilingi za kuwalipa wakulima, na shilingi hupata nguvu kidogo. Kuanzia Januari hadi Mei hivi mauzo ya mazao hupungua na shilingi huelemewa tena. Watu wa Lindi na Mtwara wamo ndani ya mzunguko huo kuliko wanavyodhani, kwa maana mnada wa AMCOS yenu ni mojawapo ya milango ambayo dola huingilia nchini.

Sisi hatujawahi kushika dola hata moja. Kwa nini bei yake itufikie?

Kwa sababu mtu mmoja katika mnyororo lazima aishike. Yule mama anayenunua belo mjini hulipa shilingi, na muuzaji wa jumla aliyemuuzia naye pengine alilipa shilingi. Lakini mwagizaji wa Dar es Salaam, aliyelitoa belo hilo China, Ulaya au Marekani, hawezi kumlipa muuzaji wa huko kwa shilingi, kwani muuzaji huyo hana mahali pa kuzitumia. Mwagizaji huenda benki na shilingi zake, huuziwa dola kwa bei ya siku hiyo, na dola hizo ndizo zinazotumwa. Bei aliyonunulia dola huingia katika gharama ya mzigo na husafiri nao hadi gulioni, ingawa hapo gulioni hakuna anayeitaja.

Tuonyesheni basi kwa hesabu: belo linapandaje?

Tuchukue belo la kilo 45 la nguo za watu wazima ambalo, pamoja na bima na nauli ya meli, linafika bandari ya Dar es Salaam kwa dola 100. Tutalipitisha mara mbili, kwanza dola ikiwa shilingi 2,400, kisha ikiwa 2,700.

Hatua ya kwanza ni bei ya mzigo wenyewe. Dola 100 ni shilingi 240,000 katika hali ya kwanza na 270,000 katika hali ya pili. Hapo limeshaongezeka shilingi 30,000, na muuzaji wa nje hakupandisha bei hata senti moja.

Hatua ya pili ni ushuru wa forodha, na sehemu hii watu wengi huiruka. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mitumba ni asilimia 35 ya thamani ya mzigo uliofika bandarini, au senti 40 za dola kwa kila kilo, ikichukuliwa ile iliyo kubwa. Kwa belo letu la kilo 45, senti 40 kwa kilo zingekuwa dola 18, ilhali asilimia 35 ni dola 35. Kwa hiyo inatumika asilimia 35. Lakini forodha haihesabu kwa dola inapofika kwenye malipo. Hugeuza thamani ya mzigo kuwa shilingi, kisha huchukua asilimia 35 ya shilingi hizo. Dola ikiwa 2,400 ushuru ni shilingi 84,000, na ikiwa 2,700 ushuru ni 94,500.

Hatua ya tatu ni kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, ambayo ni asilimia 18. Kodi hii hutozwa juu ya thamani ya mzigo ikiwa imejumlishwa na ushuru. Katika hali ya kwanza jumla hiyo ni 324,000, na VAT yake ni 58,320. Katika hali ya pili jumla ni 364,500, na VAT ni 65,610. Tozo nyingine ndogondogo za bandarini tumeziacha ili tusizame katika namba, lakini zile zinazotozwa kwa asilimia hufuata mwendo huohuo.

Tukijumlisha, belo lililotoka forodhani limegharimu shilingi 382,320 katika hali ya kwanza na 430,110 katika hali ya pili. Tofauti ni shilingi 47,790. Kati ya hizo, 30,000 ni bei ya dola yenyewe, na 17,790 ni kodi zilizokua bila Bunge kupitisha kiwango kipya. Asilimia zilibaki 35 na 18 kama zilivyokuwa. Kilichokua ni shilingi zilizokatwa asilimia hizo.

Hatua ya nne ni gharama za hapa ndani: wapakuzi, ghala, lori hadi Lindi, pango la duka na faida ya muuzaji wa jumla. Tuseme zote pamoja ni shilingi 100,000, na kwamba hazikubadilika. Kwa hiyo mama wa kikundi aliyenunua belo kwa shilingi 482,320 sasa ataliuziwa kwa 530,110.

Dola imepanda kwa asilimia 12 na nusu, lakini belo limepanda kwa asilimia zisizofika 10. Hesabu haijakosewa?

Haijakosewa. Kinachopanda pamoja na dola ni ile sehemu ya bei inayotegemea dola tu, na zile shilingi 100,000 za gharama za ndani zilibaki mahali pake, zikapunguza kishindo. Bidhaa ambayo karibu bei yake yote ni gharama ya nje hupanda karibu sawasawa na dola. Bidhaa ambayo nusu ya bei yake ni kazi, usafiri na pango la hapa nchini hupanda kwa nusu hivi ya kiwango hicho.

Aina ya kodi nayo huleta tofauti. Mitumba hutozwa kwa asilimia, kwa hiyo kodi hupanda pamoja na dola. Mafuta ya petroli na dizeli, kwa sehemu kubwa, hutozwa shilingi maalumu kwa kila lita, na tozo ya namna hiyo haibadiliki dola inapopanda. Mbolea haina ushuru wa forodha wala VAT, kwa hiyo hakuna kodi ya kukua juu ya bei yake, na yenye ruzuku husimamiwa na bei elekezi ya serikali. Anayesikia kwamba dola imepanda kwa asilimia 12 asikubali haraka hoja kwamba kila kitu dukani lazima kipande kwa asilimia 12.

Gulioni bei ilikaa vilevile kwa muda mrefu, kisha ikaruka ghafla. Kwa nini haikupanda polepole kama dola?

Sababu ya kwanza ni mzigo uliokwisha kununuliwa. Kontena huchukua wiki kadhaa baharini, kisha hukaa bandarini na ghalani, na mabelo yaliyopo sokoni leo yalilipiwa kwa dola ya miezi miwili au mitatu iliyopita. Mfanyabiashara mwenye mzigo wa zamani anaweza kuendelea kuuza kwa bei ya zamani, hasa ikiwa mwenzake wa meza ya jirani hajapandisha.

Sababu ya pili ni namna tunavyouziana. Belo letu lina, tuseme, vipande 200. Ongezeko la shilingi 47,790 likigawanywa kwa vipande hivyo ni karibu shilingi 239 kwa kila nguo. Hakuna anayeuza fulana kwa shilingi 3,239 gulioni. Bei huenda kwa mia tano mia tano. Kwa hiyo muuzaji huvumilia kwa 3,000 mpaka ashindwe, kisha siku moja husema 3,500. Mnunuzi huona amepandishiwa shilingi 500 kwa mara moja, wakati gharama ilikuwa ikipanda kidogokidogo kwa miezi kadhaa.

Kuna wauzaji ambao hawapandishi bei kabisa, bali hupunguza kitu. Belo lililokuwa la kilo 45 huja na kilo 40, au lile la daraja la kwanza huchanganywa na la pili. Bei ni ileile, na mnunuzi hurudi nyumbani akiamini amenusurika. Dawa yake ni mizani: mnunuzi aombe belo lipimwe mbele yake kabla ya kulipa, na agawanye bei kwa kilo. Shilingi 482,320 kwa kilo 45 ni karibu 10,718 kwa kilo. Fedha hizohizo kwa kilo 40 ni 12,058, yaani ni ghali kuliko belo kamili la bei mpya, ambalo kilo yake ni 11,780.

Niliuza belo langu lote, nikapata faida, na hakuna aliyenidhulumu. Mbona niliporudi mjini sikuweza kununua lingine?

Swali hili liliulizwa na mama mmoja wa kikundi, na nadhani ndilo lililogusa watu wengi zaidi, kwa sababu hasara ya namna hii haionekani katika daftari la mauzo.

Tuseme alinunua belo kwa 482,320 na akauza vipande 200 kwa wastani wa shilingi 3,000. Alipata 600,000. Akitoa bei ya belo, zinabaki 117,680. Akitoa nauli na ushuru wa gulio, tuseme 30,000, zinabaki 87,680. Kwa hesabu ya kawaida hiyo ndiyo faida, naye akaitumia yote kwa sare za shule na mahitaji ya nyumbani. Alitunza mtaji wake kwa uaminifu kabisa: 482,320, bila kupungua hata shilingi.

Alipofika mjini, belo lilelile lilikuwa 530,110. Mtaji wake mzima haukulitosha, ukapungukiwa shilingi 47,790. Sehemu ya fedha alizoziita faida haikuwa faida; ilikuwa ongezeko la bei ya mzigo unaofuata, lililopita mikononi mwake kabla hajalijua. Faida yake ya kweli, baada ya kuhakikisha anaweza kusimama tena mahali alipoanzia, ilikuwa 87,680 kutoa 47,790, yaani shilingi 39,890.

Hali huwa ngumu zaidi kwa aliyekopa. Kama mtaji wake ulikuwa mkopo wa 500,000 wenye riba ya asilimia 10 kwa mzunguko wa miezi mitatu, atalipa riba ya 50,000. Kwenye zile 87,680 zinabaki 37,680, na hizo hazifikii 47,790 za nyongeza ya belo jipya. Amefanya kazi miezi mitatu, amerejesha mkopo kwa wakati, kikundi kimempigia makofi, na biashara yake imerudi nyuma kwa shilingi 10,110.

Kinachomwokoa muuzaji ni kuuliza bei ya belo lijalo kabla hajamaliza kuuza lililopo. Simu moja kwa muuzaji wa jumla, belo likiwa limefika nusu, inatosha kumjulisha kama vipande vilivyobaki viuzwe kwa bei ileile au vipandishwe, na kama faida ya wiki hiyo inaweza kuliwa au isubiri.

Mwishoni mwa 2024 tulisikia shilingi imeimarika sana. Mbona bei za vitu hazikurudi chini?

Ni kweli iliimarika. Katika mwezi wa Desemba 2024 dola ilishuka hadi chini ya shilingi 2,450, baada ya kuwa imepita 2,700 miezi michache kabla. Lakini bidhaa zilizokuwa madukani wakati huo zilikuwa zimelipiwa kwa dola ya 2,700, na mwenye duka asingezishusha bila kula hasara. Wafanyabiashara walijiuliza pia kama nafuu hiyo ingedumu, na waliosita hawakukosea sana, kwa kuwa kufikia Aprili na Mei 2025 dola ilikuwa imerudi karibu na 2,700. Mtu aliyeshusha bei Januari angelazimika kuwapandishia wateja wale wale baada ya miezi minne.

Hata hivyo sababu hizo hazimwondolei kila muuzaji lawama. Bei hupanda upesi na kushuka kwa kusuasua mahali ambapo muuzaji ni mmoja. Katika mji wenye wauzaji wa jumla watano wa mitumba, mmoja wao anapopata mzigo wa bei nafuu hushusha ili awavute wateja, na wengine hufuata. Katika kijiji chenye duka moja hakuna anayemsukuma mwenye duka.

Tutajuaje kama dola ni sababu au ni kisingizio?

Viulizwe vitu vitatu. Kwanza, bidhaa hiyo au malighafi yake inatoka nje kweli? Mchele wa bondeni ukiambiwa umepanda kwa sababu ya dola, takeni maelezo zaidi. Pili, dola ilipanda lini? Kama imeanza kupanda wiki iliyopita na bei ya mitumba imeruka leo, mzigo huo haukulipiwa kwa dola ya wiki iliyopita. Tatu, ongezeko linafanana na mwendo wa dola? Katika mfano wetu, dola ilipopanda kwa asilimia 12 na nusu, gharama ya belo ilipanda kwa chini ya asilimia 10. Bei ikipanda kwa asilimia 30, kuna jambo jingine ndani yake, ingawa si lazima liwe wizi: huenda nauli ya meli imepanda, au bei ya huko mitumba inakotoka.

Kiwango cha dola hutangazwa na Benki Kuu ya Tanzania kila siku ya kazi, na benki za biashara hubandika vyao. Mtaona namba mbili, ya kununua na ya kuuza. Mwagizaji hununua dola kutoka benki, kwa hiyo kwake ni ile ya benki kuuza, ambayo ndiyo kubwa. Katika miezi ambayo dola ziliadimika, baadhi ya waagizaji walizinunua kwa bei ya juu kuliko iliyobandikwa, na hiyo ni gharama halisi ambayo haionekani kwenye tangazo lolote.

Mahindi tunalima wenyewe. Kwa nini kusaga na kusafirisha kumepanda?

Kwa sababu mashine na lori hutumia dizeli, na dizeli yote huagizwa kwa dola. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kiwango cha kubadilisha fedha ni mojawapo ya mambo yanayoingia katika hesabu hiyo. Mwenye mashine hushughulika na vipuri na mikanda ya kutoka nje pia. Lakini sehemu ya dola katika debe la unga ni ndogo, kwa hiyo kishindo chake ni kidogo.

Sisi tunauza korosho nje. Shilingi ikishuka si tunapata zaidi?

Mnaweza kupata zaidi. Mnunuzi anayekuja na dola 1,000 akizigeuza kwa 2,700 anakuwa na shilingi 2,700,000, badala ya 2,400,000, na wanunuzi wakishindana vizuri mnadani sehemu ya tofauti hiyo hufika kwenye bei ya kilo. Lakini mnunuzi hutazama pia bei ya korosho katika soko la dunia, na ikiwa imeshuka, faida ya kubadilisha fedha inaweza kumezwa yote bila mkulima kuiona.

Upo pia upande wa matumizi. Salfa ya kuzuia ubwiriunga na viuatilifu vingine hutoka nje, na huhitajika katikati ya mwaka, miezi kadhaa kabla ya mnada. Mkulima anayenunua pembejeo wakati dola iko juu na kuuza korosho wakati dola imeshuka, kama ilivyokuwa mwaka 2024 kwa waliouza mwishoni mwa msimu, hubanwa pande zote mbili. Kushuka kwa shilingi kunamnufaisha mkulima kwa hakika pale tu ambapo anauza kwa wingi kuliko anavyonunua, na hilo hutofautiana kutoka kaya moja hadi nyingine ndani ya kikundi hikihiki.

Basi kikundi kisiweke akiba yake kwa dola?

Ushauri wangu ni hapana. Hisa, mikopo, faini na mfuko wa jamii wa kikundi chenu vyote viko kwa shilingi, na matumizi ya wanachama ni kwa shilingi. Tena, kwa kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025, ni marufuku kutaja bei au kulipana kwa fedha za kigeni katika biashara za ndani ya nchi, kwa hiyo dola zitakazokaa sandukuni zitabidi zirudishwe benki kabla hazijafaa kitu. Kila zinaponunuliwa na kuuzwa, tofauti kati ya zile namba mbili hubaki benki.

Na hakuna hakika ya kupata faida. Kikundi ambacho kingenunua dola 1,000 kwa shilingi 2,700,000 katikati ya mwaka 2024, kikazihitaji shilingi zake Desemba kwa ajili ya mgao, kingeuza kwa 2,400 hivi na kugawana 2,400,000. Shilingi 300,000 za wanachama zingekuwa zimepotea, na mweka hazina asingekuwa na la kueleza.

Kama si dola, katika mikopo yetu tubadilishe nini?

Jambo la kwanza ni muda kati ya kuomba na kupokea. Katika vikundi vingi mwanachama huandika ombi katika kikao kimoja, akataja bei ya belo aliyoisikia mwezi uliotangulia, na fedha hutoka baada ya kikao cha pili au cha tatu. Dola ikiwa inapanda, mkopo wa 500,000 uliotosha belo la 482,320 pamoja na nauli hukutana na belo la 530,110. Mkopaji hupungukiwa na zaidi ya 30,000 kabla ya nauli, na kwa sababu ameshafika mjini, hukopa pengo hilo kwa watu wa kausha damu, ambao riba yao humaliza faida yote ya belo. Kamati ya mikopo ipige simu mjini siku ileile ya kutoa fedha na iulize bei ya siku hiyo. Ikiwa mkopo hautoshi tena, ni afadhali wanachama wawili waunganishwe wanunue belo moja kwa pamoja na kugawana vipande kuliko kila mmoja aondoke na fedha zisizonunua kitu.

Jambo la pili ni marejesho. Muuzaji wa mitumba huhitaji fedha nyingi zaidi anapokwenda kununua mzigo wa pili, na ratiba inayomtaka arejeshe sehemu kubwa wiki hiyohiyo humlazimisha anunue mzigo mdogo. Sehemu kubwa ya marejesho ikisogezwa hadi wiki mbili baada ya mzigo mpya kuanza kuuzwa, kikundi hakipotezi riba, na mkopaji anabaki na uwezo wa kununua belo zima.

Jambo la tatu linahusu mgao wa mwisho wa mwaka. Mgao wa Desemba huangukia karibu na majira ambayo shilingi mara nyingi huwa na nguvu kidogo, na Januari hadi Mei ndiyo miezi ambayo huelemewa. Mwanachama aliyekwisha kuamua kununua kitu cha kutoka nje kwa fedha za mgao, iwe belo, tairi za pikipiki au sola, hana sababu ya kungoja Aprili, ilimradi bei ya dukani iwe imeulizwa na fedha za ada za shule zimekwisha kutengwa. Mwaka mmoja mmoja majira hayo hugeuka, kwa hiyo asikope ili kuwahi.